Mwaka juzi una jipya gani?

Mwaka 1927 mtakwimu Mwingereza George Udny Yule alichapisha makala kuhusu madoa ya jua. Wanaastronomia wa Zürich, Rudolf Wolf na baada yake Alfred Wolfer, walikuwa wamekwisha kuyapanga madoa hayo kwa hesabu, namba moja kwa kila mwaka, na Yule akachukua miaka yote kuanzia 1749 hadi 1924. Ni miaka 176. Ukiichora kwenye karatasi unaona mawimbi: madoa yanaongezeka, yanafika kilele, yanapungua hadi karibu kwisha, kisha yanaanza tena baada ya miaka kumi na moja hivi. Lakini mawimbi hayo hayalingani. Moja refu, jingine fupi, kilele hiki kiko juu mara mbili ya kile.

Waliomtangulia walidhani chini ya vurugu hiyo kuna saa kamili iliyofichika, na kwamba kasoro zinatokana na upimaji tu. Yule alilitazama jambo kwa namna nyingine. Fikiria pendulo inayobembea chumbani, alisema, na watoto waingie waanze kuirushia njegere. Pendulo itaendelea kubembea kwa tabia yake, ila kila njegere inayoipiga inabadilisha mwendo wake moja kwa moja, na pigo la leo litaonekana hata katika mbembeo wa kesho na keshokutwa. Kwa jua, aliandika hivi: namba ya mwaka huu ni kiasi fulani cha mwaka jana, jumlisha kiasi fulani cha mwaka juzi, jumlisha njegere ya mwaka huu ambayo hakuna aliyeitarajia.

Viasi hivyo viwili ndivyo vinavyotafutwa. Tuviite a1, kizidishi cha mwaka jana, na a2, kizidishi cha mwaka juzi. Namba zenyewe tunazihesabu kama mkengeuko kutoka wastani: mwaka wenye madoa 40 zaidi ya wastani ni 40, na wenye upungufu wa 15 ni -15.

Jambo la kupendeza ni kwamba kuvipata vizidishi hivyo hakuhitaji kurudi kwenye miaka yote 176 kila mara. Muhtasari wa namba mbili unatosha. Ya kwanza, r1, inapima jinsi mwaka mmoja unavyofuatana na mwaka unaopakana nao: unazidisha kila mwaka kwa mwaka uliotangulia, unajumlisha mazao yote, kisha unagawanya kwa jumla ya miraba ya miaka yote. Ikikaribia 1, miaka jirani inafanana sana. Ikiwa 0, mwaka jana haukuambii lolote kuhusu mwaka huu. Ya pili, r2, ni hesabu ileile kwa miaka iliyoachana kwa miwili. Kwa madoa ya jua Yule alipata r1 kuwa 0.8112 na r2 kuwa 0.4340, nikizikata kwenye desimali ya nne.

Ukitaka makosa ya utabiri, yakipigwa mraba na kujumlishwa, yawe madogo kadiri inavyowezekana, vizidishi lazima vitimize milinganyo hii miwili, ambayo leo inabeba jina la Yule pamoja na la Gilbert Walker, mtaalamu wa hali ya hewa aliyeiendeleza mwaka 1931:

```
a1      + r1*a2 = r1
r1*a1   + a2    = r2
```

Milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili hata mwanafunzi wa sekondari anaitatua. Tatizo ni pale unapotaka kutumia miaka kumi iliyopita badala ya miwili. Utakuwa na milinganyo kumi, na kila ukiongeza mwaka mmoja nyuma, majibu yote ya awali yanabadilika, hivyo inaonekana kama lazima uanze upya. Ukiongeza idadi ya vizidishi mara mbili, kazi ya kutatua kwa njia ya kawaida inakuwa mara nane.

Hapa ndipo anapoingia Norman Levinson, mwanahisabati wa MIT. Wakati wa vita vya pili vya dunia mwalimu wake, Norbert Wiener, aliandika nadharia ya kutabiri mwendo wa ndege ili mizinga ilenge mahali ndege itakapokuwa. Nadharia ilikuwa nzito mno kwa mainjinia. Levinson aliandika maelezo mepesi zaidi, yakachapishwa mwaka 1947, na ndani yake kulikuwa na njia ya kutatua milinganyo ya aina hii hatua kwa hatua bila kutupa kilichokwisha kupatikana. Yeye mwenyewe hakuiona kuwa kitu kikubwa kihisabati. Mwaka 1960 James Durbin aliipunguza zaidi kwa hali kama yetu, ambapo namba za upande wa kulia ni zilezile zilizo upande wa kushoto. Kwa njia hii, ukiongeza vizidishi mara mbili kazi inakuwa mara nne tu.

Tuifuate kwa madoa ya jua.

Hatua ya kwanza, jifanye mwaka juzi haupo. Utabiri bora wa mwaka huu kwa kutumia mwaka jana peke yake ni r1 mara mwaka jana, yaani 0.8112 mara mwaka jana. Namba hii tunaiita k1. Je, kosa limebaki kiasi gani? Tukichukua ukubwa wa mabadiliko yote ya madoa kuwa 1, sehemu iliyobaki bila kuelezwa ni 1 toa mraba wa k1. Mraba wa 0.8112 ni 0.6580, kwa hiyo limebaki 0.3420. Tuiite E1. Mwaka jana peke yake umeeleza karibu theluthi mbili.

Hatua ya pili ndiyo yenye moyo wa jambo lote. Sasa mwaka juzi unaruhusiwa kuingia. Lakini sehemu kubwa ya habari za mwaka juzi tayari tunazo, kwa sababu mwaka juzi na mwaka jana ni majirani na wanafanana. Tukiuongeza mwaka juzi mzimamzima tutakuwa tunahesabu habari moja mara mbili. Swali la haki ni: mwaka juzi una jipya gani ambalo mwaka jana haukutuambia?

Kulipata jipya hilo, geuka nyuma. Utabiri mwaka juzi kwa kutumia mwaka jana, kana kwamba wakati unarudi kinyumenyume. Kizidishi bora cha kazi hiyo ni kipi? Ni 0.8112 tena, kwa sababu r1 inapima ujirani wa miaka miwili na haijali upi umetangulia. Na kosa la utabiri huo wa kurudi nyuma lina ukubwa uleule, 0.3420. Kwa hiyo utabiri wa kwenda mbele na wa kurudi nyuma ni kitu na sura yake katika kioo. Hatukulipia chochote kuupata huo wa pili. Ulikuwa umo ndani ya hatua ya kwanza. Katika hatua za juu zaidi hali ni hiyohiyo: vizidishi vya kurudi nyuma ni vile vya mbele vikiwa vimepangwa kinyume. Akiba yote ya Levinson inatoka hapa.

Sasa tuna mabaki mawili. La mbele ni mwaka huu toa 0.8112 mara mwaka jana. La nyuma ni mwaka juzi toa 0.8112 mara mwaka jana. Yote mawili yameshatolewa kila kinachoweza kuelezwa na mwaka jana. Kama bado yanahusiana, uhusiano huo ni mali ya mwaka juzi peke yake. Ukizidisha mabaki hayo na kupanga, unapata r2 toa k1 mara r1, yaani 0.4340 toa 0.6580, sawa na -0.2240. Gawanya kwa ukubwa wa baki, 0.3420, na jibu ukiziacha desimali zote ndani ya kikokotoo ni -0.6552. Hii ni k2, kizidishi cha kuakisi cha hatua ya pili.

Utabiri mpya basi ni utabiri wa zamani, jumlisha k2 mara jipya la mwaka juzi. Ndani ya jipya hilo mwaka jana umo na alama ya kutoa, kwa hiyo kizidishi chake kinasahihishwa: 0.8112 jumlisha 0.6552 mara 0.8112, jumla 1.3427. Na kizidishi cha mwaka juzi ni k2 yenyewe. Kwa ufupi, hesabu nzima ni mistari sita:

```
k1 = r1
E1 = 1 - k1*k1
k2 = (r2 - k1*r1) / E1
a1 = k1 - k2*k1
a2 = k2
E2 = E1 * (1 - k2*k2)
```

Rudisha majibu kwenye milinganyo ya mwanzo uyapime. 1.3427 toa 0.8112 mara 0.6552 ni 0.8112, sawasawa na r1. Na 0.8112 mara 1.3427, toa 0.6552, ni 0.4340, sawasawa na r2. Vizidishi hivi ndivyo alivyovipata Yule, tofauti ikiwa ni ya kukata desimali tu. Kosa lililobaki, E2, ni 0.3420 mara 0.5707, yaani 0.1952. Mwaka juzi umepunguza kosa kwa zaidi ya theluthi moja.

Wengi wanaosoma jibu hili kwa mara ya kwanza wanashtushwa na a1 kuruka kutoka 0.81 hadi 1.34, na mwaka juzi kuingia kwa alama ya kutoa ilhali r2 ni chanya. Itwaje miaka inayofanana ipingane? Mfano wa namba unaondoa mshangao. Chukua mwaka jana uliokuwa na madoa 40 juu ya wastani. Kwa hatua ya kwanza pekee, utabiri wa mwaka huu ni 32.4, basi. Sasa tuseme mwaka juzi ulikuwa 10 tu juu ya wastani. Kwa kuutazama mwaka jana, ungeutegemea uwe 32.4, kwa hiyo umepungukiwa kwa 22.4. Zidisha upungufu huo kwa -0.6552, unapata nyongeza ya 14.7, na utabiri unapanda hadi 47.2. Jua lilikuwa linapanda, na utabiri umelifuata. Tuseme badala yake mwaka juzi ulikuwa 60. Umezidi matarajio kwa 27.6, unatoa 18.1, na utabiri unashuka hadi 14.4. Mwaka jana ni uleule 40 katika hali zote mbili, ila mmoja ni mlimani na mwingine ni mteremkoni. Alama ya kutoa ya k2 ndiyo inayobeba mwelekeo, na ndiyo inayofanya pendulo ya Yule ibembee. Bila hiyo, kwa kizidishi kimoja chanya, mkengeuko ungefifia tu kuelekea wastani bila kuvuka upande wa pili.

Hata urefu wa mzunguko umo ndani ya namba hizi mbili. Gawanya 1.3427 kwa mara mbili ya kipeuo cha pili cha 0.6552, jibu ni 0.829, ambayo ni kosaini ya pembe ya takriban nyuzi 34. Nyuzi 360 gawanya kwa 34 ni miaka 10.6. Hakuna mahali tulipomweleza Levinson kwamba jua lina mzunguko.

Namba k zinaitwa za kuakisi kwa sababu ya kazi zilizofuata. Wimbi la sauti linaloshuka ardhini, likifika mpaka wa tabaka moja la mwamba na jingine, sehemu yake hurudi juu na sehemu hupenya; hisabati ya tabaka hizo ina namba moja ya kuakisi kwa kila mpaka, na zinaungana kwa kanuni ileile iliyounganisha k1 na k2. Koo na kinywa cha mtu anayezungumza pia vinaweza kuchukuliwa kama mlolongo wa mirija yenye upana tofauti, na kwenye kila kiungo wimbi la sauti linaakisiwa kiasi. Nishati inayorudi haiwezi kuzidi iliyofika. Kwa hiyo k yoyote halali iko kati ya -1 na 1.

Simu zilizotumia mfumo wa kwanza wa sauti wa GSM zilitegemea jambo hili kila dakika ya mazungumzo. Simu ilikata sauti vipande vya milisekunde 20, na kwa kila kipande ikakokotoa namba nane za kuakisi, kwa utaratibu ulio ndugu wa huu, unaotokana na kazi ya mwanahisabati Issai Schur. Zilizotumwa hewani zilikuwa namba zilizotokana na k, wala si vizidishi a, na sababu yake inaonekana vizuri hata kwenye hatua mbili. Chukua a1 kuwa 1.9 na a2 kuwa -0.92, namba za kawaida kwa sauti yenye mlio mzito. Hesabu hiyo ni salama: kila pigo linafifia. Sasa, ili kuokoa nafasi, kata a2 iwe -0.9. Jumla ya vizidishi viwili imekuwa 1 kamili, na pigo moja halifi tena. Linabaki ndani ya kipaza sauti milele. Kosa dogo la 0.02 limeharibu kila kitu, na kwa kuzitazama a huwezi kulitambua hadi ufanye hesabu. Ukikata k, ukaguzi ni wa kutazama tu: ikiwa bado iko ndani ya -1 na 1, upo salama. Ni kweli k iliyo karibu sana na 1 bado ina wepesi wake wa kudhurika, ndiyo maana GSM iliibadilisha kwanza kwa logi kabla ya kuikata.

Kipimo hicho kinakamata pia kosa linalotokea sana mezani kwa mchambuzi. Chukua mfululizo mfupi kuliko yote: 1, 0, -1. Jumla ya miraba ni 2. Mazao ya majirani ni 0. Mazao ya hatua mbili ni -1. Mtu mwangalifu atasema kuna jozi moja tu ya hatua mbili, kwa hiyo nigawanye kwa 1, na miraba ni mitatu, nigawanye kwa 3. Atapata r2 kuwa -1 gawanya kwa 0.667, yaani -1.5. Peleka kwenye mistari sita: k1 ni 0, E1 ni 1, k2 ni -1.5, na E2 ni 1 toa 2.25, sawa na -1.25. Wastani wa miraba ulio hasi! Hakuna mfululizo wowote duniani wenye tabia hiyo. Ukigawanya zote kwa 3, r2 inakuwa -0.5, k2 ni -0.5, E2 ni 0.75, na mambo yanakaa sawa. Kugawanya kwa idadi ya jozi kunaonekana kuwa haki zaidi kwa kila r peke yake, lakini kunavunja upatano kati yao, na utaratibu wa Levinson unasimama juu ya upatano huo. Kwa hiyo ukiona k iliyozidi 1, au E iliyoshuka chini ya sifuri, usiendelee na hatua inayofuata. Rudi kwenye r.

Jambo moja la alama, kwa atakayejaribu kwenye kompyuta. Vitabu vya uhandisi wa mawimbi na programu kama MATLAB huhamishia vizidishi vyote upande mmoja wa mlinganyo, kwa hiyo `levinson` itakupa 1, -1.3427, 0.6552, na k zenye alama kinyume na hizi. Si kosa. Angalia k ya kwanza: ikiwa r1 ni chanya na k ya kwanza ni hasi, unajua uko upande gani.

Tusimame wapi, hatua ya pili au tuendelee? Kila hatua inauliza swali lilelile: mwaka wa nyuma zaidi una jipya gani? Kwa mfululizo wa miaka 176, ikiwa jibu la kweli ni kwamba hauna, k itayumba kwa bahati tu, na mara 19 kati ya 20 itabaki kati ya -0.15 na 0.15, ambayo ni takriban 2 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 176. K2 yetu ya -0.6552 iko mbali mno na uzio huo. Hatua ya tatu ikikupa k iliyo ndani ya uzio, huna sababu ya kuibeba.

Kuna kitu kimoja ambacho hatua hazitakipata hata zikiongezwa hadi hamsini. Madoa ya jua hupanda haraka na kushuka polepole: kwa wastani miaka minne hivi ya kupanda, na saba hivi ya kushuka. Lisome jedwali la Wolf na Wolfer kuanzia 1924 kurudi 1749, na r1 haibadiliki, r2 haibadiliki, k1 na k2 vilevile. Jua lingine linalopanda polepole na kuporomoka ghafla lingetoa vizidishi hivihivi. Kioo kilichotupa utabiri wa kurudi nyuma bila gharama ndicho kinachotuzuia kuona tofauti hiyo, kwa kuwa kilihitaji wakati uwe sawa pande zote mbili. Mwaka 1980 Howell Tong na K. S. Lim waliyarudia madoa ya jua kwa mfano wenye vizidishi vya aina mbili, kundi moja pale mfululizo unapokuwa chini ya kizingiti fulani na jingine unapokivuka, na kwa njia hiyo kupanda na kushuka vikaweza kuwa na mwendo tofauti.